Riyali 400 za mjomba: bei mbili za ubaoni zimekula shilingi ngapi?

Suala: "Assalamu alaykum. Mie nipo Chake. Mjomba alikuja kutoka Maskati akaniachia riyali 400 za Oman taslimu. Nikaenda kuzivunja, ubaoni riyali wananunua 6,050 wanauza 6,550, dola wananunua 2,420 wanauza 2,480. Nikapata 2,420,000. Siku nne baadae mjomba ananambia riyali zake anazitaka zenyewe. Nikarudi pale pale, bei haijabadilika, riyali 400 wanataka niwape 2,620,000. Sijanunua bado. Hii laki mbili inakwenda wapi, na kwa nini benki wasieke bei moja tu?"

Waalaykum salaam dada yangu. Laki mbili yako haiondoki kwa mara moja, inaondoka kwa mara mbili, na mara ya kwanza imeondoka nyingi kuliko itakavoondoka ya pili. Mie nimekaa nyuma ya kioo cha fedha za kigeni hapa Unguja miaka kumi na saba, sita za mwanzo keshia na zilizobaki nikipanga hizo hizo bei za ubaoni kila asubuhi, kwa hivo haya ninayokwambia nimeyafanya kwa mkono wangu.

Ubao unausoma kwa upande wa benki, sio upande wako. Palipoandikwa Buying ni wao wananunua, weye unawauzia, na palipoandikwa Selling ni wao wanauza. Watu wengi wanababaika hapo, wanaona 6,550 wanapiga hesabu mpaka nyumbani, wakifika kaunta wanapewa 6,050 wanasema wamedhulumiwa. Ukibabaika basi chukua ile inayokupa kidogo au inayokutoza nyingi, hiyo ndo yako, haijawahi kuwa vyengine.

Sasa kati ya bei mbili hizo kuna bei ya tatu ambayo ubaoni huioni, na bila kuijua hiyo huwezi kusema umekatwa ngapi. Sisi kazini tunaiita bei ya kati, ndo thamani ya pesa kabla mtu hajaweka chake. Kwa dola ni rahisi kuipata, Benki Kuu wanatoa jedwali lao kila siku ya kazi kwenye tovuti yao na kuna safu imeandikwa Mean, ndo hiyo. Kwa bei ulizoziona weye, 2,420 na 2,480, dola katikati yake ni 2,450, tuchukue hiyo.

Kwa riyali ya Oman kuna njia nzuri khasa, na sisi watu wa visiwani tungetakiwa tuijue sote kwa jinsi ndugu zetu walivojaa kule. Riyali ya Oman haipandi wala haishuki mbele ya dola, serikali yao imeifunga pamoja na dola tangu 1986, riyali moja ni dola 2.6 na vidogo vidogo visivyokuwa na maana kwetu. Kwa hivo hata hujui bei ya riyali sokoni, chukua bei ya kati ya dola uzidishe kwa 2.6. 2,450 mara 2.6 unapata 6,370. Hiyo ndo riyali siku ile, popote duniani. Riyali ya Saudia nayo imefungwa, dola moja kwa 3.75, na dirham dola moja kwa 3.6725, kwa hivo anaekwenda Umra au anaefuata mzigo Dubai anagawa badala ya kuzidisha, basi. Euro na pauni hazimo humo, hizo zinapanda na kushuka kila dakika.

Haya, rudi kwenye riyali zako 400. Kwa bei ya kati zilikuwa na thamani ya 2,548,000. Weye ulipewa 2,420,000. Kwa hivo ile siku ya kwanza ulipotoka pale mlangoni ulikuwa ushaacha 128,000. Na ukizinunua tena kwa 2,620,000 utakuwa umelipa 72,000 juu ya thamani yake. Jumlisha, laki mbili kamili. Angalia lakini, nyingi imekwenda ulipouza. Watu hudhani bei ya kweli iko nusu kwa nusu baina ya mbili za ubaoni, yaani 6,300, kumbe ya kweli ilikuwa 6,370, ubao mzima wa riyali ulikuwa umeteremshwa chini.

Kwa nini umeteremshwa? Hapa ntakuhadithia nlivokuwa nkifanya mwenyewe. Sikukuu ikikaribia, ndege za Maskati zinashuka watu wamejaa, kila mmoja na riyali zake za kuwapa jamaa. Wiki ile mie kasha langu la riyali linajaa mpaka noti tunazifunga mpira mafungu mafungu, za khamsini peke yake, za ishirini peke yake, na dirishani hakuna hata mmoja anaetaka kununua riyali, maana nani anakwenda Oman wakati wenzake wanakuja? Ile pesa imelala. Haizai kitu, haiwezi kulipa mshahara wa mtu hapa, haiwezi kununua dola mpaka upate wa kuichukua. Sasa asubuhi mkubwa anakuja anaangalia kasha anasema teremsha riyali, basi nateremsha zote mbili, ya kununua ili watu waniletee kidogo, na ya kuuza ili akipita mwenye safari ashawishike. Mwezi unaofuata watu wanarudi zao, wanazitafuta riyali, kasha jeupe, napandisha zote mbili. Thamani ya riyali duniani haijasogea hata baisa moja, na baisa elfu moja ndo riyali moja, kwa wakati wote huo. Kilichosogea ni kasha langu. Ubao wako wa Chake ulivo chini namna ile naona wazi walikuwa na riyali nyingi hawana pa kuzipeleka.

Na hapo ndo penye jawabu la kwa nini pengo la riyali ni pana kuliko la dola. Ukiangalia juu juu unaona 500 kwa 60, lakini sio sawa kuzilinganisha hivo kwa sababu riyali moja ni dola mbili na zaidi ya nusu. Gawa 500 kwa 2.6, unapata kama shilingi 192 kwa kila dola. Kwa hivo dola pengo lake ni 60, riyali ni kama dola yenye pengo la 192, zaidi ya mara tatu. Dola ukiinunua saa tatu asubuhi kabla ya adhuhuri ushapata mtu wa kuichukua, mwenye hoteli, mwenye duka la vifaa, benki nyengine. Riyali ukikosa msafiri hapa inabidi uzifunge uzipeleke nje kwa wafanyabiashara wa noti, Dubai au huko huko Maskati, na kuna nauli ya kusafirisha pesa, kuna bima, kuna siku kadhaa za kungoja, na yule wa kule nae hanunui kwa bei ya kati, nae anataka chake. Gharama zote hizo zimeshawekwa ndani ya ile 6,050 kabla hujafika kaunta.

Kuhusu bei moja tu. Chukulia mie nimefungua duka nimeandika riyali 6,370 kununua na kuuza. Kodi ya duka na keshia na leseni tuziache kwanza, hizo ningeweza kuwatoza watu kamisheni pembeni. Tatizo kubwa ni jengine. Bei yangu naiandika asubuhi, soko la mabenki linaendelea kusogea mchana kutwa. Wafanyabiashara wakubwa wa Darajani wana simu mkononi na marafiki kwenye mabenki ya Dar, dola ikipanda shilingi ishirini wao wanajua kabla yangu, wanakuja wananunua dola zangu zote kwa bei ya zamani. Ikishuka wanakuja wananimwagia zao. Kila anaekuja na hesabu anakuja upande ambao mie naumia, na wale wa riyali 20 na dola 50 hawatoshi kuniokoa. Duka la bei moja linakaushwa kwa wiki. Lile pengo ndo linalomfanya yule mwenye simu aone haimlipi kuja kwa ajili ya shilingi ishirini. Kwa hivo siku soko linapochafuka utaona pengo linapanuka hata kwenye dola, benki inajikinga na kile isichokijua cha saa mbili mbele.

Nimesema hivo sio kwa kuwatetea, kuna wanaopanua kwa sababu tu mtu hana pa kwengine pa kwenda. Bandarini na uwanja wa ndege kila mtu anajua, msafiri kachoka anataka nauli ya teksi tu. Na Pemba nikwambie kweli, maduka ni machache kuliko mjini Unguja, mtu akitoka Chake au Wete hana kumi za kuzunguka kulinganisha, na bei zinajua hilo.

Sasa kitu ambacho kingekuokolea pesa nyingi zaidi kuliko kuzunguka maduka, kwa wakati mwengine mjomba akija. Mwambie avunje riyali kule kule Maskati achukue dola. Kule riyali na dola zimefungwa pamoja, mwenye duka haogopi bei kusogea, kwa hivo pengo lao la dola ni jembamba sana. Thamani rasmi ya dola kule ni kama baisa 384 na nusu, tuchukulie dukani wanamuuzia kwa baisa 386. Dola 1,000 zinamla riyali 386, anabakiwa na riyali 14 mfukoni. Anakuja na noti kumi za dola mia, weye unazivunja Chake kwa 2,420 unapata 2,420,000. Umeona? Ni pesa ile ile uliyopewa kwa riyali 400 nzima, na riyali 14 bado zipo, ambazo hata ukizivunja kwa bei ile ile mbaya ya 6,050 unapata 84,700 juu yake. Noti lakini ziwe za mia, safi, toleo jipya. Za moja moja na tano tano wanazinunua kwa bei ya chini, na za zamani, khasa za kabla ya 2006, sehemu nyingi hapa wanazikataa kabisa. Marekani hawajazifuta, zinafaa kule mpaka leo, ila mwenye duka hapa anajua atakaemuuzia nae atazikataa.

Kwenye riyali hilo la noti za zamani ni zito zaidi. Januari 2024 Benki Kuu ya Oman ilitangaza kuziondoa matoleo kadhaa ya zamani ikatoa muda mpaka mwisho wa mwaka ule. Kama kuna bibi ana riyali kwenye sanduku tangu enzi hizo, zitazameni mwaka wake kabla hamjahesabu bei ya ubaoni.

Kuna na hawa wa kutuma kwa simu au kwa kampuni za kutuma pesa, mjomba atakwambia katuma bure, hakuna ada. Hapo fungua macho. Pengo halijaondoka, limehamia ndani ya reti. Tuseme kampuni moja inasema ada sifuri na riyali inahesabiwa 6,200, riyali 400 zinafika 2,480,000. Nyengine inamkata ada riyali 2 lakini inahesabu 6,320, riyali 398 zinafika 2,515,360. Yule wa bure kakuchukulia 35,360 zaidi ya yule wa ada. Mie kila siku nawaambia watu wasiulize reti wala wasiulize ada, waulize kitu kimoja, "nikitoa riyali 400 hapa, upande wa pili zinaingia shilingi ngapi mkononi?" Na kwenye kaunta vivo hivo, kabla hujatoa noti mfukoni. Halafu hesabu na bei ya kati kwenye simu yako, utaona mwenyewe umekatwa ngapi. Mie kipimo changu ni hichi: kwa dola taslimu ukikatwa baina ya shilingi moja na mbili kwa kila mia kwa upande mmoja ni kawaida, weye pale Chake dola zingekukata moja na kidogo. Kwa riyali mbili mpaka tatu naweza kustahamili. Ulikatwa tano kwa mia uliyouza, hiyo ni nyingi, ungeweza kumwambia keshia akuitie mkubwa wake. Riyali 400 sio pesa ya kubabaisha, na bei ya ubaoni inapangwa kwa ajili ya mwenye noti mbili tatu, ukileta fungu mkubwa ana ruhusa ya kukuongezea. Nimewaongezea wengi, lakini walioomba tu.

Jengine, bei ya kati inafanya kazi vizuri pale dola zinapopatikana. 2023 dola zilipoadimika Tanzania nzima, kulikuwa na ubao umeandika bei nzuri tu ya kuuza, ukiuliza unaambiwa hakuna, njoo kesho. Bei ya kuuza isiyokuwa na pesa nyuma yake sio bei, na wakati kama ule usimpigie mtu kelele kwa hesabu ya bei ya kati, maana kwa bei ile mwenyewe hazipati.

Tumalizie la kwako maana hujanunua bado. Kwanza muulize mjomba riyali anazitakia wapi. Kama bado yupo hapa na anataka kulipia kitu hapa hapa, mpe shilingi, msinunue riyali kuja kuziuza tena, mtapigwa mara ya tatu. Mpigieni hesabu kwa 6,370, ni 2,548,000, hapo hamna anaemdai mwenzake.

Kama anasafiri nazo Maskati, usinunue riyali kwa 6,550, mnunulie dola. Akifika kule tuseme wanamnunulia dola kwa baisa 383, basi dola 1,045 zinampa riyali 400 na baisa kidogo. Dola 1,045 kwa 2,480 ni 2,591,600, umeokoa 28,400 kuliko kumnunulia riyali zenyewe, na yeye kapata riyali zake zote. Ila kabla hujatoa pesa pitia ubao wa riyali wa siku hiyo, kama wasafiri washarudi zao huenda bei ya kuuza imeshapanda zaidi, au kama kasha bado limewajaa huenda wameiteremsha chini ya 6,479, yaani hizo 2,591,600 ukizigawa kwa riyali 400. Ikishuka chini ya hapo basi riyali ndo rahisi, nunua riyali. Na risiti chukua, iandikwe reti na kiasi, ya siku ile uliyouza nayo kama unayo iweke pamoja, mjomba akiuliza hesabu muoneshe.